Ujumbe mfupi kwa mwalimu wa darasa: uchambuzi wa kisa cha alama zilizoshuka ghafla

Kisa hiki kilitokea katika shule ya msingi ya serikali kwenye mji mmoja wa mwambao wa Tanzania. Majina, mwaka na alama nyingine za utambulisho zimeondolewa, na mtoto anaitwa hapa F. kwa idhini ya wazazi wake. Nilihusika nacho kwa sehemu ndogo: nilikuwa mwalimu wa taaluma katika shule nyingine ya mji huohuo, na mama yake F. aliniomba nimsomee ujumbe wake kabla hajautuma kwa mwalimu wa darasa. Karatasi za mtihani niliziona baadaye, alipokuja kunionyesha.

## Usuli

F. alikuwa na umri wa miaka 12, mwanafunzi wa Darasa la Sita katika mkondo wenye wanafunzi 94. Shule hupima masomo sita, kila moja kwa alama 50, ili watoto wazoee mfumo wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ambao jumla yake ni 300. Katika mtihani wa nusu muhula wa Machi alipata jumla ya 228, ambayo ni daraja B, na alikuwa wa 12. Ripoti ya Juni ilionyesha jumla ya 176, yaani daraja C, na nafasi ya 41.

Jumla hizo mbili ndizo zilizozua taharuki nyumbani, lakini habari yenyewe ilikuwa katika safu za masomo, ambazo hakuna aliyezisoma kwa makini katika wiki za mwanzo. Hisabati ilikuwa imeshuka kutoka 36 hadi 17, Sayansi kutoka 39 hadi 22, na Maarifa ya Jamii kutoka 38 hadi 27. Kiswahili kilikuwa 42 kikawa 41, Kiingereza 33 kikawa 31, Uraia na Maadili 40 ikawa 38. Kwa hiyo, kati ya alama 52 zilizopotea, 47 zilipotea katika masomo matatu tu, na tano zilizosalia ni tofauti ya kawaida ambayo mtoto yeyote huweza kuipata kati ya mtihani mmoja na mwingine.

Baba alikuwa dereva wa lori na mara nyingi hakuwepo nyumbani. Mama alikuwa na kibanda cha chakula karibu na stendi. Hakuna aliyehudhuria kikao cha wazazi siku ya kufunga shule, hivyo ripoti aliileta mtoto mwenyewe, ikiwa na maoni ya mwalimu wa darasa yenye maneno matatu: "Aongeze bidii sana."

## Hatua za mwanzo, kabla ya ujumbe

Uamuzi wa kwanza ulifanywa na baba, kwa simu, usiku uleule. F. akatazwe kucheza mpira jioni na apelekwe tuisheni kwa muda wote wa likizo. Sababu yake ilikuwa kwamba mtoto amefikia umri wa kupenda michezo na marafiki kuliko daftari. Ni maelezo ambayo wazazi wengi huyafikia kwanza, pengine kwa kuwa hayahitaji ushahidi wowote: kila mtoto wa miaka 12 anapenda michezo.

Tuisheni ilikuwa ya watoto wanane waliokaa kuizunguka meza moja katika baraza ya nyumba, wakifanya maswali kutoka katika vitabu na karatasi zilizodurufiwa. Baada ya wiki mbili kijana aliyewafundisha alimwambia mama jambo lililomshangaza. F. hakuwa na tatizo la Hisabati. Palikuwa na mapengo katika mada chache za karibuni, lakini kujumlisha sehemu, kugawanya kwa tarakimu mbili na mafumbo ya kawaida aliyafanya vizuri kuliko wenzake wengi pale mezani.

Hapo ndipo mama alipoanza kutia shaka maelezo ya uvivu, na badala yake akapata maelezo mengine. Alisikia kwa mzazi mwenzake kwamba mwalimu wa Hisabati aliyekuwepo mwanzoni mwa mwaka alihamishwa, na kwamba tangu Aprili somo lilikuwa mikononi mwa mwalimu mwingine. Shule ilipofunguliwa Julai aliamua kuandika.

## Rasimu ambayo haikutumwa

Rasimu aliyoniletea ilikuwa katika daftari la mahesabu ya kibanda, na alikusudia kuituma katika kundi la WhatsApp la wazazi wa Darasa la Sita, ambamo mwalimu mkuu pia alikuwemo. Ilisomeka hivi:

"Mwalimu, mwanangu alikuwa anafanya vizuri sana mpaka mlipombadilishia mwalimu wa Hisabati. Sasa amefeli na amekuwa wa 41. Sisi wazazi tunajinyima kumlipia tuisheni na huko anafanya vizuri. Kwa nini shuleni afeli? Naomba maelezo."

Alikuwa na haki ya kuuliza, na hasira yake ilieleweka. Lakini niliona mambo matatu ambayo yangempotezea alichokuwa anakitafuta.

La kwanza ni kwamba rasimu ilikuwa na jibu ndani yake. Ukimwambia mwalimu kuwa sababu ni mwalimu mpya, kazi inayobaki kwake ni kukubali au kukanusha, na mtu anayeambiwa mbele ya wazazi 80 atakanusha. Isitoshe, jibu lenyewe halikulingana na ripoti. Mwalimu aliyehama alikuwa wa Hisabati peke yake, ilhali Sayansi, iliyoanguka kwa alama 17, ilikuwa bado inafundishwa na mwalimu yuleyule wa Januari. Sababu inayoeleza somo moja na kuliacha jingine lililoanguka karibu sawa nalo haijatosha.

La pili ni neno "amefeli". Mtoto hakuwa amefeli. Daraja C ni ufaulu. Mwalimu angeweza kujibu kwa ukweli mtupu kuwa F. amefaulu, na mazungumzo yangeishia hapo bila mtu yeyote kuangalia karatasi.

La tatu ni swali la "kwa nini". Ni swali la haki, lakini kwa mwalimu mwenye watoto 94 huzaa maoni badala ya habari. Akiulizwa kwa nini, atatafuta sababu katika tabia ya mtoto kama anavyoikumbuka. Akiulizwa ameona nini, atataja alichokiona, hata kama yeye mwenyewe hajui maana yake. Tofauti hii ndiyo iliyokuja kukiamua kisa chote.

Tulikaa na ripoti mbili, ya Machi na ya Juni, tukazipanga sambamba. Swali moja lilijibiwa papo hapo: kama mtihani wa Juni ungekuwa mgumu kwa wote, jumla ya F. ingeshuka lakini nafasi yake ingebaki jirani na ile ya 12. Kushuka hadi 41 kulimaanisha kwamba jambo hili lilimhusu yeye, au yeye na watoto wachache. Swali la pili, la kitu gani Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii zinashirikiana ambacho Kiswahili, Kiingereza na Uraia hazinacho, hatukuweza kulijibu tukiwa pale mezani. Mama alidhani ni ugumu. Mimi nilidhani pengine ni vipindi vya saa fulani ya siku ambavyo mtoto alikuwa akivikosa. Sote wawili hatukuwa sahihi, na ni vizuri kwamba hakuna dhana yoyote kati ya hizo iliyoingia katika ujumbe.

## Ujumbe uliotumwa

Mama aliamua mambo haya. Ujumbe uende kwa mwalimu wa darasa kwanza, kwa sababu ukianzia kwa mwalimu mkuu unakuwa malalamiko hata kabla haujasomwa. Uende kwa simu yake binafsi na si katika kundi. Uende siku ya kazi baada ya vipindi, wakati mwalimu bado yuko karibu na ofisi ambamo karatasi zimehifadhiwa, na si usiku wa Jumapili. Utaje namba, ili mwalimu asilazimike kutafuta ripoti ili kuelewa kinachozungumzwa. Na uombe jambo ambalo mwalimu anaweza kulitoa bila kujishtaki.

Aliutuma Alhamisi saa 10 alasiri:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa F., Darasa la Sita B. Katika ripoti ya Juni, Hisabati imeshuka kutoka 36 ya Machi hadi 17, Sayansi kutoka 39 hadi 22, na Maarifa ya Jamii kutoka 38 hadi 27. Masomo mengine matatu yamebaki karibu palepale. Nyumbani sijaona kilichobadilika. Naomba kujua wewe umeona nini darasani tangu Aprili, na kama naweza kuja kuziona karatasi zake za mtihani siku utakayopanga. Ahsante."

Jibu lilikuja usiku uleule:

"Marahaba Mama F. Mtoto hana utovu wa nidhamu mkubwa ila siku hizi hatulii. Anachungulia daftari la mwenzake kila wakati na wanaongea. Akiachwa peke yake haandiki. Msisitizeni huko nyumbani. Karatasi zipo, njoo Jumatatu saa 8 mchana."

Kwa mtazamo wa kwanza jibu hili linakatisha tamaa, na mama alinipigia akisema mwalimu ameshamhukumu mtoto. Hata hivyo, ukiondoa sentensi ya "hatulii" na ile ya "msisitizeni", ambazo ni maoni, zinabaki sentensi mbili za kile mwalimu alichokiona kwa macho yake: mtoto anatazama daftari la jirani kila wakati, na jirani akiwa hayupo haandiki. Mtoto mtundu huongea na jirani. Si lazima atazame daftari lake. Na mtoto mvivu haandiki awe na jirani au asiwe naye. Mwalimu alikuwa ametaja dalili bila kujua, kwa sababu aliulizwa ameona nini.

Mama hakujibu kwa ubishi. Alituma sentensi moja tu: "Ahsante Mwalimu, nitafika Jumatatu. Naomba pia kujua anakaa wapi darasani." Kiti ni jambo ambalo mzazi hawezi kulijua akiwa nyumbani na ambalo mwalimu hulijua bila kufungua kitabu chochote. Jibu: "Tangu Aprili wavulana warefu wako nyuma. Yeye dawati la mwisho."

## Karatasi za mtihani

Jumatatu mwalimu alizitoa karatasi sita. Tatu zilikuwa zimechapishwa, na majibu yalikuwa yameandikwa juu ya karatasi zilezile za maswali: Kiswahili, Kiingereza, na Uraia na Maadili. Tatu zilikuwa karatasi za mistari za kawaida, zenye mwandiko wa mtoto mwenyewe kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho: Hisabati, Sayansi, na Maarifa ya Jamii.

Mwalimu alieleza kwamba fedha za kudurufu hazikutosha mwezi Mei. Mitihani mitatu ilichapishwa, mingine mitatu ikaandikwa ubaoni na watoto wakainakili. Machi mitihani yote ilikuwa imechapishwa.

Ndipo ilipojulikana masomo yale matatu yalikuwa yanashirikiana nini: ubao.

Mwalimu alikuwa na nakala ya maswali kama yalivyoandikwa ubaoni, na mama aliomba wayalinganishe na yale F. aliyoyanakili. Swali moja la ubaoni lilikuwa 3/8 + 1/4. F. alikuwa ameandika 3/6 + 1/4, akapata 3/4, akakosa. Kwa swali alilolinakili, 3/4 ni jibu sahihi kabisa. Kwa swali la ubaoni jibu ni 5/8. Swali jingine lilikuwa 608 − 359. Alinakili 808 − 359, akapata 449. Hesabu ya kuchukua aliifanya bila kosa, lakini jibu lililotakiwa lilikuwa 249. Walipopitia karatasi nzima walikuta maswali tisa ya aina hiyo, ambayo kazi yake ilikuwa sahihi na swali lake lilikuwa si lile. Maswali mengine kadhaa yalikuwa matupu, na namba zake zilikuwa zimerukwa.

Msahihishaji hakuyaona haya kwa sababu ya jinsi usahihishaji unavyofanyika. Mwenye karatasi 94 na orodha ya majibu pembeni hutazama jibu la mwisho. Hasomi swali lililonakiliwa, kwa kuwa anadhani wote wamenakili swali moja. Katika Sayansi makosa yalikuwa ya namna hiyohiyo, hasa kwenye mchoro wa moyo ulioandikwa herufi A hadi F, ambapo mtoto alikuwa amebadilisha mahali pa herufi mbili.

Hapa pia inaeleweka kwa nini masomo hayo matatu hayakushuka sawasawa. Katika Maarifa ya Jamii maswali ni sentensi, na neno lililofifia huweza kukisiwa kutokana na maneno jirani yake. Anayeona "mji mkuu wa T…" hahitaji kuona herufi zote. Tarakimu haina jirani wa kuisaidia. Hakuna kitu katika 608 kinachoonyesha kwamba haikuwa 808. Ndiyo maana Hisabati, ambalo kwa F. lilikuwa somo la kawaida tu, ilianguka kwa alama 19, na Maarifa ya Jamii kwa alama 11.

## Uamuzi na matokeo

Siku hiyohiyo mwalimu alimwita F., akamwambia asome mstari ulioandikwa ubaoni akiwa katika dawati lake la mwisho, kisha akiwa katika dawati la pili. Kutoka nyuma alisoma maneno makubwa na akakosea tarakimu. Kutoka mbele alisoma vyote. Jaribio hili lilichukua dakika chache, na kwa maoni yangu ndilo tendo bora la mwalimu katika kisa chote, kwa sababu alilifanya mwenyewe, bila kuombwa, siku nne tu baada ya kuandika kwamba mtoto hatulii. Alimhamishia dawati la pili kabla vipindi vya Jumanne havijaanza.

Mama alimpeleka mtoto kliniki ya macho ya hospitali ya wilaya. Kipimo cha ubao wa herufi kilionyesha 6/18 kwa macho yote mawili, maana yake F. alihitaji kusimama mita sita ili kusoma kile ambacho mwenye macho ya kawaida hukisoma akiwa mita 18. Mtaalamu alieleza kuwa ni uoni wa karibu: picha ya kitu kilicho mbali hutua mbele ya retina badala ya kutua juu yake, kwa hiyo vitu vya karibu huonekana vizuri na vya mbali hufifia. Mara nyingi hali hii hujitokeza katika umri wa shule na huongezeka mwili unavyokua. Aliandikiwa lenzi za −1.50. Miwani ilichelewa wiki tatu kwa sababu ya fedha, na kwa wiki hizo dawati la pili ndilo lililokuwa tiba yake.

Adhabu ya mpira iliondolewa. Tuisheni iliendelea kwa mwezi mmoja, safari hii kwa lengo lililojulikana: mada za Hisabati zilizofundishwa ubaoni kati ya Aprili na Mei, hasa desimali na eneo, ambazo katika daftari la F. zilikuwa zimejaa mifano iliyonakiliwa kimakosa. Hayo ndiyo mapengo aliyoyataja yule kijana wa tuisheni.

Katika nusu muhula ya Septemba F. alipata Sayansi 36, Maarifa ya Jamii 37, na Hisabati 29. Masomo mengine matatu yalibaki katika kiwango chake. Hisabati ilifika 34 katika mtihani wa Novemba.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Nguvu ya ujumbe ilitokana na kutaja masomo yaliyoshuka pamoja na yale yasiyoshuka. Wazazi wengi huandika jumla au nafasi, na jumla haielezi chochote kuhusu chanzo. Sentensi ya "masomo mengine matatu yamebaki karibu palepale" iliondoa maelezo kadhaa kwa pamoja. Mtoto mwenye huzuni, mwenye njaa, anayekosa usingizi au asiyehudhuria shule hupoteza alama katika masomo yote au karibu yote. Hushuka kwa viwango tofauti, lakini ni nadra aache Kiswahili kikiwa 41 na Hisabati ikianguka hadi nusu. Mwalimu aliyeisoma sentensi hiyo hakuweza kujibu kwa kutaja utoro, na kweli hakuutaja.

Kutaja Aprili nako kulisaidia kwa njia ambayo mama hakuitarajia. Aliichagua kwa kuwa ilikuwa baina ya mitihani miwili, na kwa sababu ya habari ya mwalimu aliyehama. Lakini kwa mwalimu wa darasa Aprili ilikuwa na maana nyingine: ndio mwezi alioyapanga upya madawati baada ya mapumziko. Muda ulimkumbusha tukio ambalo neno "siku hizi" lisingemkumbusha.

Ombi la kuona karatasi ndilo lililoleta ushahidi, na namna lilivyoombwa ilikuwa muhimu. Ombi la kuja "siku utakayopanga" lilimwachia mwalimu nafasi ya kujiandaa na kuheshimiwa, huku likiwa bado ombi mahususi ambalo jibu lake ni siku au kukataa. Ombi la "maelezo", kama lilivyokuwa katika rasimu, lingeweza kutimizwa kwa maneno matupu.

Mama pia alifanya vizuri kutojibu yale maoni ya mwalimu. Alichukua alichokihitaji katika jibu na kuuliza swali moja dogo. Mabishano kuhusu kama mtoto anatulia au hatulii yangeweza kuchukua wiki nzima, na hata kama mama angeshinda, asingejua chochote kuhusu ubao.

## Uchambuzi: kilichoshindikana

Udhaifu mkubwa wa ujumbe ulikuwa sentensi fupi, "Nyumbani sijaona kilichobadilika." Haikuwa uongo, mama aliiamini. Lakini alipoulizwa kliniki, alikumbuka kuwa tangu Machi F. alikuwa akilalamika kichwa kumuuma jioni na kwamba alikuwa amehamishia kigoda chake karibu kabisa na televisheni. Hakuyahesabu kama mabadiliko kwa sababu hayakuwa mabadiliko ya masomo. Sentensi ya aina hiyo hufunga mlango wa nyumbani na kumwachia mwalimu atafute chanzo upande wake tu. Kama ingekuwa "Nyumbani naona anaumwa kichwa jioni, sijui kama inahusika," huenda mwalimu mzoefu angefikiria macho siku ileile ya Alhamisi. Mzazi asichuje anachokiona kwa kipimo cha kama kinahusiana na alama. Hajui bado nini kinahusiana.

Neno "ghafla" liliwapoteza wote, mimi nikiwemo katika dhana yangu ya vipindi. Alama ziliporomoka ghafla, hivyo kila mmoja alitafuta sababu ya ghafla: mwalimu mpya, marafiki wapya, michezo. Macho ya F. yalikuwa yakibadilika polepole, huenda kwa mwaka mzima. Kilichokuwa cha ghafla ni umbali. Katika dawati la pili alikuwa kiasi cha mita mbili na nusu kutoka ubaoni, na kwa uoni wa 6/18 tarakimu yenye kimo cha sentimita moja na zaidi kidogo inasomeka. Katika dawati la mwisho, mita saba, tarakimu hiyo inapaswa kuwa na kimo cha takribani sentimita tatu. Katika kipindi cha kawaida mwalimu huandika mifano michache kwa herufi kubwa, na F. aliweza kujikokota kwa msaada wa daftari la jirani. Siku ya mtihani maswali yote yalibanwa katika ubao mmoja, mwandiko ukawa mdogo, na kumtazama jirani kulikatazwa. Ugonjwa wa polepole ulikutana na mabadiliko mawili ya shule ndani ya wiki chache, ukaonekana kama anguko la siku moja.

Upande wa shule, maoni ya "aongeze bidii sana" yalichelewesha kisa kwa zaidi ya mwezi mmoja, kwani ndiyo yaliyompa baba uhakika wa kutoa adhabu. Ripoti haikusema kwamba mitihani mitatu iliandikwa ubaoni. Kwa mzazi, 36 ya Machi na 17 ya Juni zilionekana kama vipimo viwili vya kitu kimoja, kumbe mtihani wa Juni ulipima pia uwezo wa kunakili kutoka mbali.

Tuisheni ya likizo isihesabiwe kuwa ni hasara kamili. Ilitolewa kwa sababu isiyo sahihi, lakini meza ile ndogo ilikuwa jaribio ambalo hakuna aliyelipanga: mtoto yuleyule, somo lilelile, bila ubao, naye anaweza. Mama angeandika sentensi moja kuhusu hilo katika ujumbe wake, bila lawama iliyokuwa katika rasimu, ingekuwa na thamani kuliko habari yoyote aliyokuwa nayo. Tulipoiondoa lawama tuliondoa na habari.

## Mipaka ya kisa hiki

Kupanda kwa alama za Septemba hakuthibitishi kwamba miwani peke yake ndiyo iliyofanya kazi. Mambo manne yalibadilika kwa wakati mmoja: dawati, miwani, tuisheni yenye lengo, na mitihani ya Septemba ambayo yote ilichapishwa. Ushahidi wenye nguvu zaidi kuhusu chanzo unabaki kuwa karatasi ya Hisabati yenyewe, ambamo hesabu sahihi zilifanywa juu ya maswali yasiyo sahihi, na jaribio la madawati mawili lililofanywa kabla ya tiba yoyote.

Ujumbe wa namna hii pia haufai moja kwa moja katika visa ambavyo masomo yote yameshuka pamoja. Hapo kuuliza kuhusu karatasi hakutoi mengi. Habari huwa katika kitabu cha mahudhurio, katika saa ambayo mtoto hufika, na katika mambo ya nyumbani ambayo mwalimu hana njia ya kuyaona. Na pale ambapo mzazi ana sababu ya kuamini kwamba mtoto anapigwa au anadhalilishwa shuleni, mwalimu wa darasa hawezi kuwa mlango wa kwanza. Ujumbe huo uende kwa mwalimu mkuu au ofisi ya ustawi wa jamii.

Katika shule yenyewe, mwalimu wa darasa aliwapitisha watoto wote wa madawati matatu ya nyuma katika jaribio lilelile la kusoma mstari ubaoni. Wawili kati yao walikosea tarakimu kama F., na mmoja alikuwa na alama za Juni zilizokuwa juu kuliko zile za Machi, kwa kuwa jirani yake alikuwa na mwandiko mkubwa.